Viini vya kioo: kukadiria nusu kipenyo cha kiini kwa tofauti ya nishati ya Coulomb, hatua kwa hatua

Kuna njia ya kupata ukubwa wa kiini cha atomu bila kukipiga kwa elektroni na bila maabara yoyote. Unahitaji namba mbili kutoka jedwali la masi za atomu, kutoa kumoja na kugawanya kumoja. Ni kazi ya dakika kumi. Kinachochukua muda ni kuelewa jibu lililotoka, kwa sababu kwa jozi moja ya viini njia hii hukosea kwa asilimia moja au mbili, na kwa jozi jirani yake hukosea kwa zaidi ya kumi. Nitafanya hesabu nzima kwa naitrojeni-15 na oksijeni-15, kisha tutaona kwa nini jozi yenye nukleoni 17, yaani A = 17, inaharibu mambo.

Kwa nini kutoa masi kunafanya kazi

Viini vya kioo ni viini viwili vyenye idadi sawa ya nukleoni, ila idadi ya protoni ya kimoja ndiyo idadi ya neutroni ya mwenzake. ¹⁵N ina protoni 7 na neutroni 8. ¹⁵O ina protoni 8 na neutroni 7.

Mwaka 1932 Heisenberg alipendekeza kwamba protoni na neutroni zitazamwe kama hali mbili za chembe moja, yaani nukleoni, zinazotofautishwa na namba ambayo leo tunaiita isospini. Nukleoni ina isospini T = 1/2, na kijenzi chake T₃ kina thamani mbili tu. Katika fizikia ya viini tumezoea kuipa neutroni +1/2 na protoni −1/2, hivyo kiini kizima chenye neutroni N na protoni Z kina T₃ = (N − Z)/2. Wenzetu wa fizikia ya chembe hugeuza alama, kwa hiyo ukisoma vitabu viwili usishangae. Kwa mpangilio wetu ¹⁵N ina T₃ = +1/2 na ¹⁵O ina −1/2. Vyote viwili vina T = 1/2, na kwa upande wa nguvu ya nyuklia ni hali moja iliyogeuzwa.

Sasa hesabu jozi za nukleoni ndani ya kila kiini. Hapa ndipo jambo lote linapokaa, na ningependa usipite haraka. Ndani ya ¹⁵N kuna jozi 21 za protoni kwa protoni (7 × 6 ÷ 2), jozi 28 za neutroni kwa neutroni (8 × 7 ÷ 2), na jozi 56 za protoni kwa neutroni. Ndani ya ¹⁵O, jozi za protoni ni 28, za neutroni 21, na zile mchanganyiko ni 56 vilevile. Ikiwa nguvu ya nyuklia kati ya protoni mbili ni sawa na ile kati ya neutroni mbili zilizo katika hali ileile, jumla ya nishati ya nyuklia ni moja katika viini vyote viwili. Hatukuhitaji kudai chochote kuhusu jozi mchanganyiko, maana idadi yake haibadiliki. Sharti hili huitwa ulinganifu wa chaji, nalo ni dhaifu kuliko dai kwamba jozi zote tatu zinavutana sawa.

Kinachobaki baada ya kutoa ni vitu viwili. Kwanza, neutroni moja imegeuka protoni, na masi zake si sawa. Pili, kuna jozi 7 za ziada za protoni zinazosukumana kwa umeme, na nishati ya kusukumana huko ndiyo nishati ya Coulomb. Nguvu ya umeme tunaijua vizuri mno. Tusichokijua ni umbali tu kati ya protoni hizo. Ndiyo maana tofauti ya nishati inatupa ukubwa.

Ushahidi kwamba viini hivi ni hali moja unauona kwenye ngazi za nishati. Hali ya chini kabisa ya vyote viwili ina spini na pariti 1/2⁻. Kisha hakuna ngazi nyingine mpaka upite MeV 5: ¹⁵N ina ngazi mbili zilizokaribiana kwenye MeV 5.270 na 5.299, na ¹⁵O ina mbili kwenye 5.183 na 5.241. Ukitaka kuhakikisha kwamba umelinganisha hali zinazostahili kulinganishwa, anza hapa: spini na pariti lazima ziwe zilezile. Zikitofautiana, hesabu yote inayofuata haina maana.

Hatua ya 1: chagua jozi

Chagua jozi ambayo A ni namba witiri na viini vinatofautiana kwa protoni moja tu, yaani A = 2Z + 1, ambapo Z ni ya kile chenye protoni chache. Jozi hizi zinaanzia ³H na ³He. Kwa kukadiria ukubwa, mimi nisingeshuka chini ya A = 11 hivi, kwa sababu viini vyepesi sana havifanani na tufe. ⁷Li na ⁷Be, kwa mfano, hutoa jibu linalolingana na kipimo kwa kiwango cha kushangaza, lakini ⁷Li iko karibu zaidi na ⁴He na ³H zilizoshikana kuliko tufe lenye chaji iliyoenea sawasawa. Jibu sahihi hapo limetokea kwa bahati, na halithibitishi kitu.

Hatua ya 2: pata tofauti ya nishati ya Coulomb

Majedwali ya masi huorodhesha ziada ya masi ya atomu kwa keV, yaani masi ya atomu ukitoa A mara kipimo cha masi ya atomu. Kwa ¹⁵O ni 2855.6 na kwa ¹⁵N ni 101.4. A ni ileile, hivyo unatoa moja kwa moja: keV 2754.2, au MeV 2.754. Hii ndiyo Q, nishati inayopatikana ¹⁵O inapobadilika kuwa ¹⁵N.

Protoni na elektroni yake (yaani atomu ya hidrojeni) ni nyepesi kuliko neutroni kwa MeV 0.782. Kwa hiyo ¹⁵O ingepaswa kuwa nyepesi kuliko ¹⁵N kwa kiasi hicho kama umeme usingekuwepo. Badala yake ni nzito kwa 2.754. Umeme umefidia 0.782 na kuongeza 2.754 juu yake:

ΔE_C = Q + 0.782 = 2.754 + 0.782 = 3.536 MeV

Ukitumia tarakimu zaidi utapata 3.537, nami nitaendelea na hiyo. Njia ya kujikagua ni nishati fungamanishi: ¹⁵N ina MeV 115.492 na ¹⁵O ina 111.955. Tofauti yake ni 3.537. Ikiwa namba hizi mbili hazikukubaliana, rudi nyuma kabla ya kuendelea.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, na kosa ni lilelile kila mara: kuongeza namba isiyoendana na data waliyonayo. Kama data yako ni masi za atomu, ongeza 0.782. Kama ni masi za viini vitupu, ongeza 1.293, ambayo ni tofauti ya neutroni na protoni yenyewe. Kama ni nishati ya juu kabisa ya positroni kutoka kwenye uozo wa beta chanya, ongeza 1.804, kwa sababu lazima ulipie pia masi za elektroni mbili, MeV 1.022. Kwa ¹⁵O positroni hufikia MeV 1.732, na 1.732 + 1.804 inatupa 3.536. Njia zote zinafika mahali pamoja. Ukichanganya, kosa lako ni MeV 0.5 au 1.0 kamili, na nusu kipenyo kinatoka kikubwa au kidogo kwa zaidi ya asilimia kumi. Kosa la namna hiyo linatambulika, maana linaziathiri mno jozi nyepesi, na zile nzito linaziathiri kidogo tu.

Ukitumia positroni, hakikisha uozo unaishia kwenye hali ya chini ya kiini binti. Kwa ¹⁵O karibu uozo wote huenda huko. Na kwa ⁷Be njia hii haipo kabisa: Q yake ni MeV 0.862, chini ya 1.022 inayohitajika kuumba positroni, kwa hiyo kiini hicho hunasa elektroni tu.

Nishati inayofunga elektroni kwenye atomu nayo imejificha ndani ya masi za atomu, lakini kwa jozi hii tofauti yake haifiki hata keV 1. Iache.

Hatua ya 3: kutoka nishati hadi nusu kipenyo

Vitabu vingi huandika nishati ya Coulomb ya tufe lenye chaji iliyoenea sawasawa kama (3/5) Z²e²/R, kisha vinatoa na kupata A juu ya mstari. Mimi napendelea kurudi kwenye jozi 7 tulizozihesabu, kwa sababu zinaondoa utata.

Ukichagua nukta mbili kwa kubahatisha ndani ya tufe la nusu kipenyo R, wastani wa 1/umbali kati yake ni 6/(5R). Nishati ya protoni mbili zilizo umbali r ni 1.440/r, nishati ikiwa kwa MeV na umbali kwa femtomita. Jozi za ziada ni Z, ambayo ni (A − 1)/2. Kwa hiyo:

ΔE_C = Z × 1.440 × 6/(5R) = 0.864 × (A − 1)/R

na ukigeuza:

R = 0.864 × (A − 1)/ΔE_C

Kwa jozi yetu: R = 0.864 × 14 ÷ 3.537 = 3.42 fm.

Ukitumia fomula yenye Z², juu unapata A = 15 badala ya 14, na R inakuwa 3.66 fm. Tofauti hii ya asilimia 7 inatoka wapi? Z² huhesabu kila protoni ikijisukuma yenyewe. Kwa kiini kizito chenye protoni 80 kosa hilo halionekani. Kwa kiini chenye protoni 7 linaonekana waziwazi. Hapa tumia A − 1.

Ukiwa na jozi nyingi, mistari michache ya Python inatosha:

```python
def kioo(A, juu, chini):
    Q = (juu - chini) / 1000      # keV kuwa MeV
    dEc = Q + 0.78235
    R = 0.864 * (A - 1) / dEc
    return round(dEc, 3), round(R, 2)

print(kioo(15, 2855.6, 101.4))
print(kioo(27, -12384.5, -17196.9))
print(kioo(39, -27282.7, -33807.2))
```

Namba ya kwanza baada ya A ni ziada ya masi ya kiini chenye protoni nyingi, na ya pili ni ya mwenzake. Ukizigeuza utapata Q hasi, na R itakuwa upuuzi ambao utauona mara moja.

Hatua ya 4: linganisha na kipimo, lakini linganisha vitu vinavyolingana

Kutawanya elektroni, kazi iliyomfanya Hofstadter wa Stanford apate Nobeli mwaka 1961, pamoja na vipimo vya atomu za muoni, vimetupa ukubwa wa mgawanyo wa chaji kwa usahihi mkubwa. Majedwali hutoa kipeuo cha pili cha wastani wa r², yaani nusu kipenyo cha wastani mraba. Kwa ¹⁵N ni 2.61 fm.

Mtu akiona 2.61 na hesabu yake imetoa 3.42, anadhani amekosea. Hajakosea. Kwa tufe lililojaa sawasawa, wastani wa r² ni (3/5)R², hivyo ili kulinganisha unazidisha thamani ya jedwali kwa kipeuo cha pili cha 5/3, ambacho ni 1.291. Unapata 3.37 fm. Sisi tulipata 3.42. Tofauti ni takriban asilimia 1.5.

Mtego wa pili ni r₀, namba inayozidishwa kwa A^(1/3) ili kupata R. Wengi wamekariri R = 1.2 A^(1/3), wakigawanya 3.42 kwa kipeuo cha tatu cha 15 wanapata 1.39 na kulalamika. Lakini 3.37 iliyopimwa nayo inatoa 1.37. Kiini chepesi hakina ukingo mkali. Sehemu kubwa ya ujazo wake ni ngozi ambamo msongamano unashuka polepole, na tufe linalolingana nacho huonekana pana. Thamani ya 1.2 ni ya viini vizito. Usilinganishe r₀ yako na namba uliyoikariri, linganisha R yako na R iliyopimwa ya kiini kilekile.

Jozi nyingine mbili zinaonyesha kwamba ¹⁵N haikuwa bahati. Kwa ²⁷Al na ²⁷Si, ΔE_C ni MeV 5.595 na R inatoka 4.02 fm, kipimo cha ²⁷Al, 3.06 fm, kikizidishwa kwa 1.291 kinatoa 3.95. Kwa ³⁹K na ³⁹Ca, ΔE_C ni 7.307 na R ni 4.49 fm, kipimo kinatoa 4.43. Kwa hesabu iliyochukulia kiini kuwa tufe lenye ukingo wa kisu, hayo ni matokeo mazuri kupita ilivyostahili.

Hatua ya 5: pale jibu linapokataa

Sasa chukua ¹⁷O na ¹⁷F. Ziada za masi ni −808.8 na 1951.7 keV, Q ni 2.7605, na ΔE_C ni MeV 3.543. Itazame tena namba hiyo. Kwa A = 15 ilikuwa 3.537. Tumeongeza nukleoni mbili, jozi za ziada za protoni zimetoka 7 hadi 8, na nishati haikuongezeka ila kwa keV 6. Fomula yetu inatafsiri hilo kuwa R = 3.90 fm, wakati kipimo cha ¹⁷O, 2.693 fm, kinalingana na tufe la 3.48. Kosa ni asilimia 12.

Hakuna tatizo kwenye masi. Zinajulikana kwa usahihi wa chini ya keV 1. Tatizo liko kwenye neno moja tulilolipitisha kimyakimya katika hatua ya 3: kwa kubahatisha. Tulichukulia kwamba protoni ya ziada imeenea ndani ya kiini kama zile nyingine. Ndani ya ¹⁷F haiko hivyo. Protoni 8 za kwanza zimejaza maganda kikamilifu pamoja na neutroni 8, na kutengeneza ¹⁶O. Protoni ya tisa imelazimika kuingia ganda la juu zaidi, d5/2, na imefungwa kwa MeV 0.600 tu. Inazunguka nje ya wenzake.

Hili tunaweza kulipima. Ndani ya tufe lenye chaji Z, nishati ya protoni iliyo umbali r kutoka katikati ni

V(r) = (1.440 Z / 2R) × (3 − r²/R²)

Ukiweka r²/R² = 0.6, ambayo ndiyo thamani ya wastani ya tufe lililojaa, unarudi hasa kwenye fomula yetu ya hatua ya 3. Kwa hiyo geuza swali. Badala ya kutafuta R, chukua R iliyopimwa kwa elektroni, na utafute r²/R² ya protoni ya mwisho.

Kwa ¹⁷F, kiini cha ndani ni ¹⁶O yenye Z = 8 na R = 3.48 fm. Sehemu ya kwanza ni 11.52 ÷ 6.97 = 1.653. Gawanya 3.543 kwa 1.653 upate 2.143, hivyo r²/R² = 0.857. Protoni ya mwisho iko, kwa wastani mraba, kwenye 3.23 fm, wakati wenzake wako kwenye 2.70.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa jozi zilizofaulu. ¹⁵O inatoa 0.634, ²⁷Si inatoa 0.638, ³⁹Ca inatoa 0.631. Zote ziko karibu na 0.6, na ndiyo maana zilifaulu. ¹⁵O na ³⁹Ca zinakosa neutroni moja tu ili zifunge ganda, kwa hiyo protoni yao inayohesabika iko ndani ya ganda ambalo tayari limejaa wenzake. Kisha nenda ⁴¹Ca na ⁴¹Sc, pale ganda la 20 limefungwa na nukleoni moja imeachwa nje. ΔE_C ni 7.278, ndogo kuliko ile ya A = 39, na r²/R² inaruka hadi 0.73. Ni kisa kilekile cha A = 17, kwa upole zaidi.

Kwa hiyo kabla hujaamini R yoyote iliyotoka kwenye njia hii, uliza protoni ya mwisho iko ganda gani. Ikiwa imeingia kwenye ganda jipya, ulichopima ni njia yake yenyewe na si ukubwa wa kiini. Kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani zaidi katika zoezi zima. Ukubwa wa kiini tunao tayari kwa elektroni, lakini mahali pa protoni moja si jambo unalolipata kirahisi.

Na unaweza kwenda mbele hatua moja. ¹⁷O ina ngazi ya 1/2⁺ kwenye MeV 0.871, ambapo neutroni ya mwisho iko kwenye ganda la s. Mwenzake katika ¹⁷F iko kwenye 0.495, chini kwa MeV 0.376. Wimbi la s halina kizuizi cha mzunguko cha kulirudisha ndani, na kwenye ¹⁷F protoni hiyo imefungwa kwa MeV 0.1 tu, hivyo limetanda mbali sana na kusukumwa kidogo. ΔE_C ya ngazi hiyo ni 3.543 − 0.376 = 3.167, na r²/R² inapita 1. Hapo fomula ya ndani ya tufe haifai tena, lakini ujumbe umefika: protoni iko nje ya ukingo. Mteremko huu wa ngazi unaitwa mteremko wa Thomas na Ehrman, na ndiyo sababu mtu hapaswi kushtuka ngazi za viini vya kioo zisipolingana kikamilifu.

Kuhusu kuchora mstari

Mazoezi mengi ya vyuo huagiza uchore ΔE_C dhidi ya A^(2/3), au dhidi ya (A − 1)/A^(1/3), kisha upate r₀ kutoka kwenye mwinuko. Nimejaribu kwa A = 13, 15, 17, 23, 27, 35, 39 na 41. Ukilazimisha mstari upite kwenye sifuri, r₀ ni 1.37 fm. Ukiuacha huru, mwinuko unatoa 1.25 fm na mstari unakata mhimili kwenye MeV −0.5. Data ni ileile, na majibu yanatofautiana kwa karibu asilimia 9.

Hakuna kati ya hayo mawili ambalo ni r₀ ya kweli. Mstari ulio huru unapata 1.25 kwa sababu r₀ yenyewe inapungua A inapokua, kama tulivyoona kuhusu ngozi, na badiliko hilo linaingia kwenye mwinuko. Uliolazimishwa unatoa wastani wa jozi hizo tu, ukiwa umevutwa na jozi kama 17. Nafasi ya kuchora ipo, lakini chora r²/R² dhidi ya A badala yake. Utaona maganda yakifunga.

Usahihi unaishia wapi

Fowler, Delsasso na Lauritsen huko Caltech walipopima positroni za ¹¹C, ¹³N, ¹⁵O na ¹⁷F mwaka 1936, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba tofauti za nishati zinaelezeka kwa umeme peke yake, kwa hiyo nguvu za nyuklia zina ulinganifu wa chaji. Hitimisho hilo limesimama. Lakini si kamili.

Mwaka 1969 Nolen na Schiffer walifanya hesabu kwa uangalifu zaidi ya tufe. Walitumia mgawanyo wa chaji uliopimwa kwa elektroni na njia halisi za protoni za mwisho, na wakaingiza pia punguzo dogo linalotokana na protoni kutoweza kukaa katika hali moja. Matokeo yalikuwa madogo kuliko tofauti zilizopimwa kwa takriban asilimia 7, na kwa jozi nyingi kosa lilikuwa upande uleule. Kadiri hesabu ya umeme ilivyoboreshwa, ndivyo pengo lilivyodhihirika. Sehemu yake kubwa leo inahusishwa na ulinganifu wa chaji kuvunjika kidogo ndani ya nguvu ya nyuklia yenyewe: neutroni mbili zinavutana kwa nguvu kubwa kidogo kuliko protoni mbili, hata ukishaondoa umeme. Hili linaongeza tofauti ya masi kwa kiasi ambacho sisi tuliihesabia Coulomb.

Maana yake kwa hesabu yako ni hii. Sehemu ya ΔE_C uliyoipata si ya Coulomb, na inaivuta R iwe ndogo kuliko inavyopaswa. Protoni ya mwisho kutanda nje inaivuta R iwe kubwa. Kwa A = 15, 27 na 39 mivuto hiyo inafidiana kwa sehemu, na ndiyo maana tulikaribia kipimo kwa asilimia 1 au 2 bila kustahili. Vilevile ile 3.23 fm ya protoni ya ¹⁷F ni ndogo kuliko ukubwa halisi wa njia yake. Ichukue kama kikomo cha chini. Ukiandika ripoti, usiandike R = 3.420 ± 0.001 fm kwa kuwa masi zina usahihi huo. Kosa lote liko kwenye modeli, na kwa jozi nzuri mimi ningeandika 3.4 fm na kuweka shaka ya asilimia 5. Kwa jozi ya A = 17, andika R yake pembeni pamoja na r²/R², useme protoni ya mwisho iko d5/2.